BIASHARA YA NYUMBANI: Juisi ya marakuja, ni nani atainunua?

Watoto wetu wanaosoma biashara hupewa kazi kama hii: andika mpango wa kuuza juisi mpya. Onyesha wanunuzi, bei na namna ya kuitangaza. Mama mmoja wa hapa Bukavu alituletea daftari ya binti yake. Kwenye wanunuzi, binti aliandika “watu wote”. Kwenye bei akaandika franka 1.000 kwa chupa. Tukae naye tuhesabu, maana hesabu hii inamfaa pia mama anayetaka kuuza kweli. Bei ninazoandika ni za mfano. Weka zile za soko lako.

Tuseme tumenunua kilo 12 za marakuja kwa 18.000. Tukikamua na kuchuja tunapata karibu litri 4. Kila litri moja tunaichanganya na litri 3 za maji yaliyochemshwa, basi ni litri 16. Sukari kilo 2 ni 6.000, makala na maji 3.000, usafiri 4.200. Jumla ni 31.200.

Binti anataka chupa ndogo za sentilitri 33 ziuzwe kwenye butike. Litri 16 zinajaza chupa 48. Chupa tupu moja ni 300 na karatasi ya jina ni 50, kwa hiyo tunaongeza 16.800. Tumefika 48.000, yaani kila chupa imetugharimu 1.000 kamili. Bei yake ingemrudishia mfuko wake tu, na mwenye butike hajapata kitu. Tukipandisha bei mpaka 1.500, sawa na limonadi, mwenye butike anabaki na 300, sisi tunapokea 1.200. Mara 48 ni 57.600. Lakini wamama wawili wamefanya kazi siku nzima, kila mmoja 5.000. Gharama ya kweli ni 58.000. Tumepoteza 400 na jasho juu yake.

Kosa liko wapi? Si kwenye matunda. Ni kwenye lile neno “watu wote”. Mtu anayepita njiani anataka chupa ndogo, baridi, karibu naye, na hayo yote yanalipwa na wewe.

Sasa tuchague mnunuzi mmoja: familia inayoandaa feti ya ndoa, ubatizo au mtoto aliyepata diploma. Huyu hahitaji chupa 48. Anahitaji bidoni za litri 5, na anazirudisha kesho yake. Anaacha dhamana ya bidoni mpaka airudishe. Chupa, karatasi na faida ya butike vyote vinaondoka. Gharama ni 31.200 na kazi 10.000, jumla 41.200. Tunajaza bidoni 3 na kuuza kila moja 20.000. Tunapokea 60.000, tunabaki na 18.800.

Na mnunuzi? Bidoni moja inatoa glasi 20 za robo litri. Kila mgeni anamgharimu 1.000, kuliko limonadi ya 1.500. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia, maana mwenye feti anahesabu wageni, hahesabu litri.

Kutangaza kunatoka hapo hapo. Litri 16 ukitoa bidoni 3, inabaki litri 1. Hiyo inatosha vikombe 20 vidogo vya kuonja. Usiigawe sokoni. Ipeleke pale wamama wanapopanga feti: mkutano wa likelemba, mazoezi ya kwaya, kamati ya ndoa. Andika jina la kila aliyeonja na tarehe ya feti yake. Baada ya mwezi hesabu: kati ya 20, wangapi waliagiza? Kama hakuna hata mmoja, badilisha mahali pa kuonjesha kabla ya kushusha bei.

Mpango huu una mipaka yake. Feti nyingi ni Jumamosi, katikati ya juma utauza kidogo. Pia juisi isiyo na dawa haikai. Bila friji itengenezwe na kunywewa siku ile ile. Kifuniko kikivimba, ukiona mapovu au ukisikia harufu ya pombe, imeanza kuchacha, imwage. Kwa sababu hiyo usinunue matunda kabla ya kupokea avansi. Nusu ya bei, 10.000 kwa bidoni, inakupa 30.000 kwa bidoni 3: karibu inalipa matunda, sukari, makala na usafiri wote.

Binti afute “watu wote” na aandike “mama mwenye feti ya wageni 60”. Bidoni 3 zinatoa glasi 60. Bei na matangazo vitafuata vyenyewe, na mwalimu akimwuliza “kwa nini 20.000?” atakuwa na jibu.