Plastiki ni Nyepesi, Maji Siyo

Kuna sentensi moja landlodi wa Nairobi wanaipenda sana: "Hiyo ni plastiki tu." Unaisikia siku tenki mpya inapandishwa kwa kamba, kijana mmoja anavuta akiwa juu, mwingine anasukuma kutoka chini, halafu inakalishwa kwenye kona ya slabu juu ya mbao zilizobaki mjengoni. Ikiwa tupu, ni kweli, vijana wawili wanaibeba wakipiga stori. Lakini nani huweka tenki juu ya paa ndio ikae tupu?

Mimi niliacha yuni mapema, kwa hivyo sikuletei uinjinia wa kujidai. Hii ni hesabu ya shule ya msingi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tenki ya lita 5,000 ikijaa ni kilo 5,000, yaani tani 5, na hapo sijahesabu plastiki yenyewe. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Kwa hivyo hiyo tenki ni sawa na mifuko 100 ya simiti iliyorundikwa mahali pamoja. Sasa jaribu kumwambia landlodi, kwa heshima zote, "Mzee, naomba nihifadhi mifuko 100 ya simiti pale kwa kona ya slabu, ikae tu miaka kumi." Atakuuliza kama uko sawa kichwani. Na mzigo huo huo ameuweka yeye, juu ya chumba ambacho mtu analipa kodi kulala.

Kibaya zaidi ni nafasi mzigo unakokalia. Tenki ya lita 5,000 yenye upana wa mita 1.8 hivi ina maji ya kimo cha karibu mita 2. Kila mita mraba chini yake inabeba karibu tani 2, yaani mifuko 40. Sakafu ya kawaida ya nyumba ya kuishi huchorwa ibebe watu na vitu vya karibu kilo 150 hadi 200 kwa mita mraba. Hiyo ni mifuko mitatu au minne. Minne dhidi ya arobaini, wasee. Tena angalia vizuri: kinachoamua hapo ni kimo cha maji, si lita. Ukinunua tenki nyembamba na ndefu ili "isikule nafasi", umezidisha uzito kwa kila mita mraba.

Landlodi atakujibu, "Iko hapo miaka minane na haijaanguka." Sawa. Slabu haivunjiki siku ya kwanza kwa sababu hujengwa na ziada kidogo, na sehemu inayozunguka tenki husaidia kubeba. Lakini hiyo ziada haikuwekwa iwe makao ya kudumu ya tani 5. Na kwa ploti nyingi, tenki ya pili huongezwa kando ya ya kwanza kila maji ya ratiba yakipungua, bila mtu yeyote kuuliza huyo wa chini anabeba nini. Kama ni lazima tenki ikae juu, mahali pake ni pale nguzo na bimu zinapopita, si katikati ya slabu. Unaweka mihimili ya chuma inayovuka kutoka bimu moja hadi nyingine, ndio uzito ushuke kupitia nguzo hadi kwa msingi. Na ni injinia wa mijengo anayepaswa kusema kama hizo nguzo zinatosha. Fundi wa bomba kazi yake ni maji, usimbebeshe hesabu ya slabu.

Tuje kwa stendi, kwa sababu hapo ndipo ujanja wa bei rahisi umejaa. Welda anachomelea fremu ya vyuma, anapanga mbao nne zikiwa na mapengo ya kuingiza mkono, kazi imeisha. Kitako cha tenki ni plastiki ya milimita chache tu, na haikutengenezwa kubeba maji ikiwa hewani. Inataka kushikwa kila mahali, kutoka katikati hadi ukingoni. Ukiiweka juu ya mapengo, maji yanaisukuma chini kwa ile nguvu ya tani 2 kwa mita mraba, nayo inazama kati ya mbao. Jua la mchana linailainisha, inazama zaidi. Maji yakiisha inarudi kidogo, yakijaa inazama tena. Baada ya muda inapasuka kwenye mstari ule ule wa ukingo wa mbao, halafu watu wanasema kampuni iliuza tenki feki.

Kitako kinachofaa ni kizima, tambarare, kimepimwa kwa pima maji, hakina kokoto wala kichwa cha msumari, na ni kipana kuliko tenki pande zote. Tenki ikining'inia hata kidogo nje ya stendi, ukuta wake wote unakaliwa na sehemu moja ya ukingo. Miguu nayo usiisahau: tani 5 kwa miguu minne ni kilo 1,250 kwa kila mguu, bila uzito wa stendi yenyewe. Mguu wa chuma kwenye udongo mtupu utazama, na mmoja ukizama kuliko wengine, tenki inaegemea huko na kumwongezea mzigo huo huo mguu dhaifu.

Halafu kuna bomba. Kwa ploti yetu keriteka ameita fundi mara tatu kwa sababu maji yanadondoka pale bomba linapotokea kwenye tenki. Mara tatu fundi amekaza nati, akaongeza tepu, akalipwa. Mara tatu ikarudi. Ugonjwa hauko kwa nati. Tenki ikijaa, ukuta wake unavimba kidogo. Maji yakipungua, unarudi. Inapumua. Bomba gumu lililofungwa ukutani halipumui, kwa hivyo kila siku linavuta na kusukuma lile tundu. Ukiona plastiki imekuwa nyeupe kuzunguka nati, hiyo ndiyo dalili kwamba imechoka, na kuendelea kukaza kunaharakisha ufa.

Dawa yake ni kipande kifupi cha hosi imara inayopindika, kati ya tenki na bomba gumu, iliyoachwa na ulegevu kidogo, isivutwe kama waya wa nguo. Koki ibaki upande wa tenki, ndio hosi ikipasuka ufunge maji. Na bomba lenyewe lishikwe na ukuta au stendi, lisining'inie kwa tenki. Manze, bei ya hosi na mshahara wa fundi aliyekuja mara tatu, landlodi apige hesabu mwenyewe.

Kitu kingine: tenki tupu iko hatarini kwa njia nyingine. Bila maji, ya lita 1,000 haifiki hata uzito wa mfuko mmoja wa simiti, na upepo wa kabla ya mvua unaweza kuiangusha barabarani. Kwa hivyo ifungwe, ila kamba isikazwe hadi kuzuia ule mvimbo.

Wewe unayeishi ghorofa ya mwisho, leo jioni inua macho uangalie dari. Ukiona nyufa mpya chini ya tenki, au dari imebonyea, ama mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwaruza, piga picha yenye tarehe na umtumie landlodi kwa maandishi. Mwambie tenki imwagwe kwanza, ndio mjadala wa nani atalipa injinia uanze.