Mteja wako si "mwanamke wa miaka 25 hadi 40"

Hiyo sentensi haiuzi kitu, bana. Umri hauniambii kwa nini mtu alitoa pesa. Mimi nasema anza na waliokwisha kununua.

Rafiki yangu hapa Nairobi anauza unga wa uji mtandaoni. Matangazo yake yote yalikuwa mama na mtoto mchanga. Tukawapigia simu wanunuzi 12. Hatukuuliza "unapenda nini?", maana hapo mtu hukujibu kwa adabu tu. Tuliuliza: siku ile uliponunua, nini kilikuwa kimetokea? Nini kilitaka kukufanya uache? Tukaandika majibu neno kwa neno.

Saba walikuwa wananunulia mzazi aliye ushago. Mmoja akasema, "Mamangu hatafuni vizuri siku hizi." Na hofu yao haikuwa bei, ilikuwa kama mzigo utafika.

Basi mteja ndiye huyo: mtoto mkubwa aliye mjini, anayemtunza mzazi kwa mbali. Tangazo likabaki Nairobi, hata kama uji unanywewa Kisii. Umri ukapanda, 30 hadi 50. Picha ikawa mama mzee na kikombe chake, na maneno: "Lipa leo, mzazi achukue kesho steji."

Lakini hao 12 ni walionunua tu. Wapigie pia walioulizia bei wakanyamaza. Halafu wacha kuhesabu laiki, soma maswali yanayoingia. "Ni ya miezi mingapi?" ikigeuka "Mnatuma Kisii?", jua umelenga penyewe.