Dakika kumi baada ya Magharibi

Ndugu wazazi wa Kasese na Bwera, mtoto wa P.1 anaweza kumaliza ukurasa mzima bila kusoma hata neno moja, kwa kuwa ameukariri. Juzuu Amma anaihifadhi kwa kusikia, na ni sawa. Kitabu cha kusoma sivyo. Basi kila siku fanyeni hivi.

Kwanza dakika mbili za silabi: ba, be, bi, bo, bu, ukizichanganya. Kisha asome sentensi tatu, kidole chini ya neno. Tuseme imeandikwa "Baba anakula ndizi", naye akasema "Baba anakula matunda" kwa sababu ameona picha. Usimpe jibu (hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu). Funika picha, hesabu moyoni mpaka tano, kisha mwonyeshe: ndi, zi. Aunganishe mwenyewe, halafu arudie sentensi yote.

Mwisho gusa neno la katikati, "anakula", umwulize ni neno gani. Akilazimika kuanzia "Baba" ili alifikie, amekariri. Kesho rudieni ukurasa huo huo, mkianzia sentensi ya mwisho.

Kitabu kikiwa cha Kikonzo, utaratibu ni huo huo. Kiingereza hakisomeki kwa silabi namna hii. Mimi naona kisubiri.