Agroveti ikigeuka kisiagi: Hatari iliyomo katika mkataba wa duka

TANGU serikali ya Kenya ilipoanza kuuza mbolea ya ruzuku kupitia maghala ya bodi ya nafaka, kwa Sh3,500 mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2022 na kisha Sh2,500 mwaka wa 2023, wenye maduka ya pembejeo katika maeneo ya mahindi wamepoteza sehemu kubwa ya mauzo yaliyokuwa yakiwalipia kodi. Mkulima angali anaingia dukani kununua mbegu na dawa ya viwavi, lakini mbolea anaifuata kwingine. Ndipo mwenye duka anapoanza kutafuta biashara nyingine ya kufanyia mle mle ndani, na mara nyingi macho yake huangukia kisiagi.

Hesabu za kisiagi huwa anazifanya vizuri. Asichokifanya ni kuufungua mkataba wa upangaji na kusoma mstari mmoja unaosema duka litatumika kwa kazi gani.

Mstari huo huja kwa sura mbili. Wa kwanza hufunga kabisa: jengo litatumika "kama duka la pembejeo za kilimo pekee". Wa pili huacha mlango wazi kidogo, kwa kusema kuwa mpangaji hatabadilisha biashara bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Ukiwa na huu wa pili una nafasi nzuri zaidi, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mwenye jengo kuinyima idhini ya namna hiyo bila sababu ya maana. Ukiwa na ule wa kwanza, unaomba hisani.

Tuchukue mfano wa mpangaji mjini Kitale anayelipa Sh15,000 kwa mwezi, kwa mkataba wa miaka mitatu unaotaja pembejeo pekee. Anatumia Sh240,000 kuanzisha kisiagi. Kati ya hizo, Sh150,000 ni mashine na mota yake. Sh90,000 zilizobaki zinaingia katika jengo lenyewe: msingi wa saruji wa kufungia mashine, nyaya za umeme wa fezi tatu, na tundu lililotobolewa ukutani ili vumbi litoke. Mwenye jengo anapita kila mwezi, anaiona mashine ikinguruma, anachukua kodi yake na kwenda zake. Baada ya miezi minane analeta notisi ya kumtoa.

Mpangaji huyu ana ulinzi ambao wengi hawajui kuwa wanao. Chini ya Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, upangaji wa duka usio na maandishi, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, hauwezi kuvunjwa kwa kufuli la usiku. Mwenye jengo sharti atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, ya miezi miwili au zaidi, na ataje sababu moja au zaidi kati ya zile zilizoorodheshwa katika kifungu cha 7. Sababu hizo si rahisi kuzipata kwa mpangaji anayelipa kodi kwa wakati. Mwenye jengo atalazimika kuthibitisha, kwa mfano, kuwa anataka kulibomoa jengo, au kwamba yeye mwenyewe atalitumia kwa mwaka mmoja au zaidi.

Lakini miongoni mwa sababu hizo imo hii: mpangaji kuvunja masharti ya upangaji kwa kiasi kikubwa, au jambo lolote jingine linalohusu namna anavyolitumia jengo. Kwa kuweka kisiagi, mpangaji amempa mwenye jengo sababu ambayo hapo awali hakuwa nayo. Pengine mwenye jengo wala hamtaki atoke. Wengi hutaka kodi ipande hadi Sh25,000, na notisi ni njia ya kumketisha mpangaji mezani akiwa mnyonge.

"Kiasi kikubwa" hupimwaje? Aliyeongeza sabuni na chumvi kwenye rafu za agroveti hana la kuogopa sana. Kisiagi ni jambo jingine. Mtikisiko wake hupasua kuta, vumbi la unga hushika moto, na kelele huwafukuza wapangaji wa vyumba vya juu. Isitoshe, mwenye jengo naye ana mkataba wake. Viwanja vingi vya mijini vimetolewa kwa masharti ya matumizi, mara nyingi maduka, ofisi na makao, na kugeuza sehemu kuwa ya kusagia huenda kukahitaji kibali cha mipango cha kaunti. Mpangaji anayebadilisha kazi kimya kimya anaweza kumtia mwenye jengo mashakani na kaunti, na hilo litasemwa mbele ya jopo la upangaji, linalojulikana kwa herufi BPRT.

Hoja ambayo wapangaji huitegemea zaidi ni hii: "Aliona, akachukua kodi." Ina uzito, lakini si mwingi kama wanavyodhani. Mwenye jengo akipokea kodi huku akijua kosa, huhesabiwa kuwa amelisamehe lile lililokwisha kutendeka. Matumizi mabaya ya duka, hata hivyo, ni kosa linaloendelea. Mashine ikisaga kesho, kosa limezaliwa upya.

Sasa tazama pesa. Jopo lina uwezo wa kuamuru mpangaji anayetolewa afidiwe kwa jina zuri la biashara yake na kwa maboresho aliyoyafanya katika jengo, lakini maboresho hayo yawe yalifanywa kwa idhini ya mwenye jengo. Mpangaji wetu ataondoka na mashine yake. Zile Sh90,000 za msingi, nyaya na tundu hana wa kumdai. Kinyume chake, anaweza kutakiwa kuuvunja msingi na kuziba ukuta, gharama ikakatwa kwenye amana yake ya Sh30,000. Na ikiwa bima yake ya moto iliandikwa kwa duka la mbegu, kampuni haitakosa sababu ya kukataa kulipa kilichoungua kwa cheche ya mota.

Notisi ikifika, siku ni za kuhesabiwa. Mpangaji asiyekubali hana budi kumjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kisha apeleke shauri kwa jopo kabla ya tarehe iliyotajwa. Akinyamaza, notisi inaanza kufanya kazi hata kama sababu yake ilikuwa dhaifu. Wenye mikataba inayozidi miaka mitano, kama ile ya miaka 5 na miezi 3 ambayo mawakili wa wenye majengo huipenda, wako nje ya ulinzi huu iwapo haina kipengele cha kuivunja mapema. Kwao, Sheria ya Ardhi inataka tu notisi ya siku 30 inayotaja kosa na kutoa nafasi ya kulirekebisha.

Barua ya idhini haihitaji wakili. Itaje duka, biashara mpya, ukubwa wa mota, mahali msingi utakapokaa, nani atakayeuondoa siku ya kuhama, na kama kodi itabadilika. Mwenye jengo atie sahihi nakala mbili kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa keateka haitoshi. Hata ya mzee mwenyewe ni ya mashaka, kwani akifariki, watakaokuja kudai kodi ni watoto wake, na mkononi watakuwa na ule mkataba unaosema pembejeo pekee.