Barafu ya Kilimanjaro na Neno «Karibu»

Tangu Novemba 2022, UNESCO ilipotangaza kwamba barafu za theluthi moja ya maeneo ya Urithi wa Dunia yenye barafu zitatoweka ifikapo 2050, Kilimanjaro likiwa miongoni mwayo, habari za kilele cha Kibo zimekuwa zikijirudia katika magazeti na redio zetu. Sentensi inayozibeba huwa ya namna hii: «Theluji ya Mlima Kilimanjaro imepungua sana katika miaka ya karibuni na iko karibu kutoweka.» Kwa sarufi, sentensi hii haina kosa. Nimewahi kuwapa wanafunzi sentensi ya aina hiyo na kuwauliza swali moja tu: ni kitu gani hasa kitakachomwonesha msomaji kuwa sentensi hii ni ya kweli au ya uongo? Hakuna aliyekiona, nami sikushangaa.

Tuanze na nomino. Theluji ni ile inayoanguka usiku na pengine kuyeyuka kabla ya saa sita mchana. Barafu inayozungumziwa na wanasayansi ni miamba ya barafu ya kudumu iliyoko juu ya mlima tangu zamani. Mkazi wa Moshi anayetazama Kibo kutoka umbali wa kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka huona weupe, basi. Mvua za masika zikipita, asubuhi moja mlima wote juu huwa mweupe, naye husema theluji imerudi. Anasema kweli, lakini habari iliyosema «theluji imepungua» inaonekana kwake kuwa ya uongo. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta tarakimu, mwandishi aamue ni kitu gani kinachopimwa. Hapa ni barafu, tena eneo lake, si unene wake.

Sasa «imepungua sana». Kipimo cha mwanzo kinachotumiwa ni ramani ya mwaka 1912, ambamo eneo la barafu lilikuwa takriban kilomita 12 za mraba. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki kilomita 1.76 za mraba. Hiyo ni hekta 176, yaani ekari 435 hivi, na kwa msomaji wa vijijini Marangu au Machame ekari inaeleweka upesi kuliko kilomita ya mraba. Utafiti mmoja huanzia kilomita 12.06 kwa mwaka ule wa 1912, mwingine 11.40, kwa sababu ramani ileile ya kale imesomwa upya kwa njia tofauti. Tofauti hiyo haibadilishi hoja: kwa vyovyote vile, takriban asilimia 85 imekwenda. Ndiyo maana hapa «takriban» inafaa kuliko kuandika 85.4, tarakimu ambayo ingedai usahihi usiokuwemo katika ramani yenyewe.

Hapo ndipo penye kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika tafsiri, nalo limo katika kihusishi. «Barafu imepungua kwa asilimia 85» maana yake ni kwamba kiasi kilichoondoka ni 85 katika kila 100, na kilichobaki ni 15. «Barafu imepungua hadi asilimia 85» maana yake ni kinyume chake: kilichobaki ni 85. Anayeandika «imepungua kwa asilimia 15» akikusudia «hadi asilimia 15» anamwachia msomaji mlima wenye kilomita 10.2 za mraba za barafu badala ya 1.8. Njia ya kujikagua ni rahisi: chukua 12, fanya hesabu kama sentensi inavyosema, kisha linganisha na kipimo halisi. Zisipooana, tatizo huwa ni «kwa» au «hadi».

Asilimia ina mtego mwingine, nao ni wa mwanzo wa hesabu. Taarifa ya kitafiti ya mwaka 2009 ilisema mambo mawili kwa mpigo: kufikia 2007, asilimia 85 ya barafu ya mwaka 1912 ilikuwa imetoweka, na asilimia 26 ya barafu iliyokuwapo mwaka 2000 ilikuwa imetoweka. Mwandishi mwenye haraka huziunganisha: «asilimia 85, na nyingine 26 tangu 2000». Jumla yake ni 111, nayo haiwezekani. Kila asilimia ina mia yake. Mia ya kwanza ni eneo la 1912. Ya pili ni eneo la 2000, ambalo lilikuwa kilomita 2.5 tu za mraba, likashuka hadi 1.85 mwaka 2007. Ukiandika kilomita zenyewe pamoja na miaka yake, mtego huo haupo tena.

Linabaki «karibu», neno lenye kazi nyingi kupita kiasi. Tunalo la umbali, la wakati, la kukaribisha mgeni, na la kukadiria. Katika kukadiria, «karibu asilimia 85» kwa masikio ya wengi ni pungufu kidogo ya 85. «Takriban» huruhusu pande zote mbili. Kamusi nyingi huyaweka pamoja kama visawe, na kwa mazungumzo ya kawaida hilo si neno. Kwa mtafsiri wa takwimu lina uzito.

Lakini «iko karibu kutoweka» ni ya wakati, na hapa lazima nikiri kwamba tarakimu nazo zimewahi kutudanganya. Mwaka 2002, watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson waliandika kuwa, iwapo hali ya hewa itaendelea kama ilivyokuwa, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Magazeti yalichukua miaka, yakaacha «iwapo». Mwaka 2020 ulipita na barafu ingali pale. Waongozaji wa watalii wa Marangu hawakuhitaji mtafiti kuwaambia hivyo, na baadhi ya wasomaji wakaona kuwa habari nzima ilikuwa porojo, ilhali kupungua kwenyewe kulikuwa kumepimwa vizuri na kulikuwa kukiendelea. Kwa hiyo kubadili «hivi karibuni» kuwa «2020» bila kuandika sharti ni kosa kubwa zaidi kuliko kuacha «hivi karibuni» mahali pake.

Na tarehe mpya ya UNESCO? «Ifikapo 2050» si «mwaka 2050». Ya kwanza ni kikomo: inaweza kuwa 2035, inaweza kuwa 2049. Ya pili ni miadi. Nimeona tafsiri zinazosema «itatoweka mwaka 2050», kana kwamba kuna siku imepangwa. «Kabla ya kwisha kwa mwaka 2050» ni ndefu kidogo lakini haina utata.

Sentensi yetu ya mwanzo, ikiandikwa upya, inaweza kusomeka hivi: «Eneo la barafu ya kudumu juu ya Kibo lilikuwa takriban kilomita 12 za mraba mwaka 1912, mwaka 2011 lilikuwa limebaki kilomita 1.76 za mraba. Na UNESCO ilikadiria mwaka 2022 kuwa barafu hiyo itakuwa imekwisha ifikapo 2050.» Imekuwa ndefu, nakubali, na mhariri wa redio atalalamika. Akitaka kupunguza, aondoe kipimo kimoja kizima pamoja na mwaka wake, asiondoe mwaka akabakiza tarakimu. Na unene asiuguse kabisa kama hana kipimo chake: barafu ya Furtwängler ilipoteza takriban nusu ya unene wake kati ya 2000 na 2009, jambo ambalo hakuna ekari yoyote inayoweza kulionesha.