Kabla ya kusema 'niko sawa', uliza timu ina watu wangapi

Simu ya kazi huingia ukiwa mahali pabaya. Uko ndani ya matatu, kondakta anadai nauli, muziki uko juu, halafu sauti tulivu inakwambia sivii yako imeonekana na kuna nafasi Westlands. Unashuka steji ambayo si yako ndio usikie vizuri. Wakala anakutajia cheo, anakutajia mshahara, anauliza utaweza kuanza lini. Mwisho anasema: "Una swali lolote?" Nawe, kama nilivyofanya mimi, unajibu haraka: "Hapana madam, niko sawa."

Hiyo "niko sawa" ilinikalia miezi mitano.

Kazi ilikuwa ya kujibu wateja wa duka linalouza simu na vifaa vyake mtandaoni. Madam aliniambia ningejiunga na timu changa ya watu kumi na wawili. Kwa kichwa changu nikaona meza ndefu, vijana kumi na wawili, stori na chai ya saa nne. Siku ya kwanza nikahesabu. Wanne walikuwa wa bodaboda, watatu wa stoo, mmoja mhasibu, mmoja mpiga picha, mmoja meneja. Wa kujibu wateja tulikuwa wawili, na mimi nikiwa ndani ya hiyo hesabu.

Hakunidanganya. Alinipa idadi ya kampuni, mimi nikasikia idadi ya timu. Ndiyo maana swali la "mko wangapi?" halitoshi. Swali lenye meno ni hili: "Ni watu wangapi wanafanya kazi hii hii nitakayofanya mimi, na huduma iko wazi saa ngapi?"

Chukua kalamu tufanye hesabu. Meza yetu ilifunguliwa saa mbili asubuhi, ikafungwa saa mbili usiku, siku zote saba. Hizo ni saa 12 mara 7, yaani saa 84 kwa wiki. Kila mmoja wetu alifaa kufanya saa 48, kwa hivyo wawili tulikuwa na saa 96. Kwa karatasi inatosha, tena kunabaki saa 12 za kukaa pamoja. Lakini sheria ya ajira ya Kenya inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi baada ya mwaka mzima wa kazi. Siku mwenzako anapumzika, unashika saa zote 12 peke yako. Siku akiugua, ni hivyo hivyo. Akienda likizo, saa zote 84 ni zako.

Mwezi wangu wa tatu mwenzangu alipata kazi kwingine akahepa. Meneja akasema wanatafuta mtu. Walitafuta mpaka nikachoka. Nilikuwa najibu meseji za wateja nikiwa foleni ya kinyozi, na siku yangu ya kupumzika ikawa jina tu. Timu ya watu wawili si mbaya kwa sababu ni ndogo. Shida ni kwamba haina akiba, na mtu mmoja akitoka, pengo lote linakuangukia wewe. Ungekuwa umeuliza mapema, ungejua na swali linalofuata: "Mmoja asipokuwepo, nani hushika nafasi yake?" Kama jibu ni meneja ama mtu wa idara nyingine aliyefunzwa, poa. Kama jibu ni "huwa tunasaidiana", jua anayesaidia ni wewe.

Sasa tuje kwa kukua. Hapa ndipo wengi wetu huuliza vibaya. Tunasema, "Je, kuna nafasi ya kukua?" na hakuna wakala duniani atakayejibu hapana. Atasema kampuni inakua na wewe utakua nayo, mambo yaishie hapo. Uliza kuhusu mtu badala ya ndoto: "Nafasi hii ni mpya, ama kuna mtu aliyeondoka? Yule aliyekuwa hapo sasa anafanya nini?"

Sikiliza jibu. Kama alipandishwa akawa msimamizi wa zamu, ngazi ipo na kuna mtu ameipanda. Kama aliondoka, uliza alikaa muda gani. Mtu kukaa miaka miwili kisha kwenda kutafuta mshahara mzuri ni jambo la kawaida. Lakini kama watu wawili wamepita hapo ndani ya mwaka mmoja, anza kuuliza kinachowafukuza. Mimi nililijua hilo nikiwa tayari ndani, niliporithi laini ya ofisi nikakuta wateja wa zamani wananiita kwa majina mawili tofauti, yote si yangu. Na kama nafasi ni mpya kabisa, si vibaya, ila uliza nani alikuwa anafanya kazi hiyo mpaka sasa. Huyo ndiye atakayekukabidhi kazi, ama atakayeona umekuja kumnyang'anya.

Pia weka swali hili pamoja na lile la kwanza. Timu ya watu wawili chini ya meneja mmoja haina ngazi ya kupanda, hata meneja awe na roho safi namna gani. Hapo kukua hakutakuwa cheo. Kunaweza kuwa ujuzi au salo, kwa hivyo uliza salo: "Mshahara huangaliwa upya lini, na nani huamua?" Ambatanisha na kipindi cha majaribio. Sheria inasema kisizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine, lakini wewe lazima ukubali. Wakati huo wote, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi isiyopungua siku saba, au mwajiri akulipe mshahara wa siku hizo saba. Kwa hivyo uliza kwenu majaribio huchukua miezi mingapi, na yakiisha ni nini hasa hubadilika. Jibu likiwa "utathibitishwa" bila kitu kingine, salo yako itabaki pale pale.

Swali la tatu ni la watu. Usiulize kama wafanyakazi wenzako ni wazuri, kwa sababu utaambiwa ni familia. Uliza: "Asubuhi nani atanipa kazi, na mwisho wa mwezi nani atasema kama nimeifanya vizuri?" Wakiwa mtu mmoja, sawa. Wakiwa wawili, jitayarishe. Kwangu mimi, meneja ndiye aliyenipa kazi, lakini mwenye duka, aliyekuwa akija Jumatatu tu, ndiye aliyepima. Mmoja alitaka wateja wajibiwe haraka, mwingine alitaka wajibiwe kwa urefu. Nilikosea kwa wote wawili.

Kuna tego lingine hapo. Kampuni nyingi Nairobi hukodi wafanyakazi kupitia kampuni nyingine. Utakaa Westlands, utavaa beji ya kampuni kubwa, lakini mkataba una jina la kampuni uliyokuwa hujawahi kusikia. Sheria inataka mkataba wa maandishi utaje jina la mwajiri, kazi utakayofanya, mahali pa kazi na saa za kazi. Uliza kabla: "Mwajiri kwenye mkataba ni nani?" Jibu hilo ndilo linaamua nani atakulipa, nani atakupa likizo, na kama zile nafasi za kupanda ulizotangaziwa ni zako ama ni za wale wenye mkataba tofauti mliokaa nao meza moja.

Najua unachofikiria. Ukiuliza yote haya utaonekana mjeuri, na kazi zenyewe ni chache. Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo kila simu nilikuwa naichukua kama msaada, na mtu aliyesaidiwa haulizi maswali. Lakini wakala wa nje kwa kawaida analipwa na kampuni ukishaajiriwa, na mara nyingi ukiondoka mapema anatakiwa kuleta mtu mwingine bila malipo mapya. Naye pia hataki uhepe mwezi wa pili. Anayekuomba wewe pesa ndio akuunganishe na kazi, huyo ni mambo mengine kabisa. Kata simu.

La muhimu ni kujua unamwuliza nani na lini. Wakala wa nje huenda ana karatasi moja tu kutoka kwa kampuni, na kweli hajui timu ina watu wangapi. Usimkabe. Kwenye simu ya kwanza uliza mawili tu: wangapi wanafanya kazi hii, na nafasi ni mpya ama ya mtu aliyeondoka. Akisema hajui, mwambie hivi: "Sawa madam, naomba uniulizie kabla ya mahojiano, ama nimwulize meneja mwenyewe." Yaliyobaki, hasa ya mshahara kuangaliwa upya na nani atakupima, mwekee meneja siku ya mahojiano.

Miezi michache baada ya kuacha lile duka nilipigiwa tena, kazi ya aina ile ile. Nilimwuliza madam mwingine yale mawili. Akasema wanaojibu wateja ni watano, na kuhusu nafasi yenyewe angeuliza. Jioni akanitumia meseji kwamba aliyekuwepo amehamishiwa upande wa mauzo baada ya mwaka na nusu. Kwenye mahojiano nikamwuliza meneja swali lile lile la idadi. Akasema wanne, mmoja yuko likizo ya uzazi hadi mwezi wa tano. Majibu mawili hayakufanana, lakini nikahesabu yakapatana: watano pamoja na yule wa likizo. Yasingepatana, ningemwuliza hapo hapo, kwa upole, kwamba niliambiwa watano. Meneja anayejua timu yake hujibu swali hilo bila kukasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa ana watu wangapi amekuonyesha mapema vile Jumatatu zako zitakavyokuwa.

Kisha nikaomba kitu kimoja cha mwisho: dakika kumi na mmoja wa wale wanne kabla ya kusaini. Alikubali. Yule msee nilimwuliza swali moja tu, siku yake ya kupumzika ya mwisho ilikuwa lini. Akanitajia Jumatano bila kufikiria. Nilisaini.