Shangazi aambiwe kwanza

Dada mwandishi, mengi umeyasema vizuri, ila hilo la kumleta mchumba sebuleni na kuwaambia wazazi papo hapo silikubali. Mimi ni Mdigo wa Tanga, Mwislamu. Mume wangu ni Mchaga, Mlutheri. Nilianza na shangazi, dada yake baba. Yeye ndiye aliyekwenda kwa baba peke yake, akamwacha afoke, anyamaze, kisha aulize lile lililokuwa likimuuma hasa: watoto watafuata dini gani? Jibu tulikuwa tumeshakubaliana, kwa hiyo mshenga alipoleta barua ya posa hakuna aliyeshtuka. Na nyie mnaosema hapa kwamba bomani hakuna kuulizana, ni kweli aliyetimiza miaka 18 hahitaji ridhaa ya mzazi, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na notisi hiyo hutangazwa. Baba akiisikia kwa jirani aliyepita pale ofisini, hata shangazi hatakuwa na la kumwambia. Tafadhali, waambieni wazazi kabla hamjaipeleka.